Anayekohoa asikae ukumbini: maswali na majibu kuhusu foleni za kliniki

Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya chenye matabibu wawili tu. Asubuhi ukumbi wa wagonjwa wa nje unajaa mpaka mlangoni, na chumba cha ziada hatuna. Tukitaka kuwatenga wanaokohoa tuanzie wapi?

Marahaba. Anzia mlangoni, kabla ya dirisha la kadi. Katika vituo vingi kikohozi cha mgonjwa hugunduliwa kwa mara ya kwanza anapoketi mbele ya tabibu, na wakati huo tayari amekwishapanga foleni ya kadi, ya malipo au bima, na ya kupimwa uzito na shinikizo la damu. Ikiwa ana kifua kikuu, vijidudu alivyovitoa kwa muda wote huo ni vidogo mno kiasi kwamba havianguki sakafuni, bali huelea hewani kwa saa kadhaa na kuvutwa na kila aliyekaa humo, hata aliye pembe ya mbali.

Mweke mtu mmoja mlangoni ambaye kazi yake ni kumuuliza kila anayeingia, bila kuchagua kwa macho, kama ana kikohozi na kama ana homa. Si lazima awe muuguzi, kwani mhudumu wa afya aliyefundishwa vizuri anaitosha kazi hiyo. Aulize kwa sauti ya chini, na asitaje jina la ugonjwa wowote, maana ukimuuliza mtu mbele ya majirani zake kama ana TB atakataa hata kama amekohoa mwezi mzima. Anayesema ndiyo, hata kama kikohozi ni cha jana, apewe barakoa papo hapo na aelekezwe kwenye benchi la nje. Aliyekohoa kwa wiki 2 au zaidi aandikiwe kipimo cha kohozi. Vivyo hivyo anayeishi na virusi vya ukimwi ambaye ana kikohozi cha muda wowote, homa, jasho jingi la usiku au kupungua uzito.

Muda wa kuanza una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kama foleni yenu huanza saa 12 asubuhi na mwulizaji hufika saa 2, basi kazi yake inaanza wakati madhara yamekwishatokea kwa saa 2 nzima.

Kuhusu benchi la nje, kivuli cha mwembe au turubai linatosha, ila liwe upande ambao upepo hauwarudishii hewa walio ukumbini, na kamwe lisiwe chini ya dirisha. Washa kijiti cha udi hapo mahali asubuhi, kisha tena mchana, uangalie moshi unakoelekea: ukiona unaingia dirishani, hamisha benchi. Kohozi la kupimwa nalo litolewe nje, penye hewa wazi na faragha, wala si chooni au kwenye korido.

Hatua ya mwisho, ambayo ndiyo husahaulika zaidi, ni kumpitisha mbele. Mpe kadi ya rangi tofauti inayotambulika na tabibu, maabara na dirisha la dawa, ili asianze foleni upya katika kila kituo. Kumtambua mtu mlangoni kisha kumwacha akae saa 4 ni nusu ya kazi. Ili ujue kama mpango unafanya kazi, andika kwenye daftari muda aliofika kila mwenye kikohozi na muda alioonwa na tabibu, kisha siku yoyote bila taarifa ingia ukumbini saa 4 asubuhi uhesabu wanaokohoa waliokaa humo bila barakoa. Hesabu hiyo itakuambia mengi kuliko bango lolote la ukutani.

Nimefika kliniki saa 1 asubuhi nikiwa na namba 6. Watu waliokuja saa 3 wamepitishwa mbele yangu kwa sababu eti wanakohoa. Hiyo ni haki kweli?

Uchungu wako naufahamu, kwa kuwa umelala mapema na kuamka mapema ili uwahi. Hata hivyo, mwenye kikohozi anapoondolewa haraka, anayekingwa kwanza ni wewe uliyebaki na namba yako mkononi.

Mwaka 2005 na 2006, katika hospitali ya wilaya ya Tugela Ferry, kwenye jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, waligunduliwa wagonjwa 53 wenye kifua kikuu kilichokuwa kikikataa karibu dawa zote zilizokuwepo, na 52 kati yao walifariki. Zaidi ya nusu walikuwa hawajawahi kutibiwa kifua kikuu hapo kabla, maana yake usugu wa dawa haukuanzia ndani ya miili yao bali waliambukizwa ugonjwa ukiwa tayari sugu. Theluthi mbili walikuwa wamelazwa hospitalini muda si mrefu kabla ya hapo, na wote waliopimwa virusi vya ukimwi walikutwa navyo. Wengi walifuata matibabu ya jambo jingine, na dalili zote zinaonyesha kwamba walikutana na ugonjwa huo hapo hapo walipofuata huduma.

Kuna jambo ambalo kituo kinapaswa kukufanyia na ambalo una haki ya kulidai: maelezo. Mhudumu asimame mbele ya watu kila asubuhi aseme wazi kwamba wenye kikohozi na wenye hali mbaya watatangulia, na kwa nini. Pale yanapotolewa maelezo hayo mapema, manung'uniko hupungua sana. Pasipokuwepo maelezo, watu hudhani ni upendeleo au rushwa, na siwezi kuwalaumu.

Barakoa ipi apewe mgonjwa? Duka la dawa la mtaani kwetu lina za kitambaa, za bluu za hospitali, na zile ngumu zenye kidude cha plastiki mbele. Je, zinasaidia kweli au ni mazoea tu yaliyobaki kutoka wakati wa korona?

Mgonjwa apewe ile ya bluu ya hospitali. Ile ngumu inayokaza usoni imekusudiwa mhudumu anayevuta hewa ya chumba, na yenye kidude cha plastiki mbele haimfai mgonjwa hata kidogo, kwa sababu kidude hicho hufunguka anapotoa pumzi na kuiachia hewa yake itoke bila kuchujwa. Ya kitambaa itumike pale tu ambapo ya bluu haipo, na ikikosekana hiyo pia, ncha ya kanga au leso iliyokunjwa mara kadhaa na kushikiliwa juu ya pua na mdomo ni bora kuliko kutokuwa na kitu.

Kuhusu kama zinasaidia, lipo jaribio lililofanyika Afrika Kusini, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2012. Hewa ya wodi yenye wagonjwa 17 wa kifua kikuu sugu ilielekezwa kwenye vyumba 2 vya simbilisi, kila chumba kikiwa na 90. Siku moja wagonjwa walivaa barakoa za hospitali na hewa ikapelekwa chumba cha kwanza, siku iliyofuata hawakuvaa na hewa ikapelekwa chumba cha pili, na wakaendelea kupokezana hivyo kwa miezi 3. Waliopokea hewa ya siku zisizo na barakoa waliambukizwa 69, na waliopokea hewa ya siku za barakoa waliambukizwa 36.

Ninaomba wahudumu wenzangu wazisome namba hizo pande zote mbili. Maambukizi yalipungua kwa karibu nusu, na hilo ni jambo kubwa kwa kitu cha bei ndogo namna hiyo, lakini 36 waliambukizwa hata hivyo. Kwa hiyo barakoa haimpi mwenye kikohozi ruhusa ya kukaa ukumbini na wengine, bali inamsindikiza mpaka benchi la nje na inapunguza hatari kwenye korido, maabara na dirisha la dawa.

Iliyolowa ibadilishwe. Mtoto wa chini ya miaka 2 asivalishwe. Mgonjwa anayehema kwa shida asilazimishwe kuvaa wala asiachwe kusubiri, aingizwe moja kwa moja kwa tabibu.

Mimi ni mganga mfawidhi. Tulipaka alama za rangi kwenye mabenchi ili watu wakae mita 1 mmoja kutoka kwa mwingine, lakini ndani ya wiki moja watu walirudi kubanana. Ukumbi wetu una mabenchi 12 na kila moja hukaliwa na watu 5. Tufanye nini?

Katika vituo vyetu watu hubanana kwa sababu mahali mtu alipokaa ndiyo nafasi yake kwenye foleni. Aliye mbele akiitwa, benchi zima husogea, na anayebaki kwenye alama yake huogopa kurukwa. Wape namba za karatasi mlangoni na waitwe kwa namba. Foleni ikishaondoka kwenye benchi na kuhamia kwenye karatasi, alama za rangi zitaheshimiwa.

Kisha fanyeni hesabu ya nafasi kwa ukweli. Tuseme benchi lenu lina urefu wa mita 2.4, hivyo kwa umbali wa mita 1 linabeba watu 3, na mabenchi 12 yanabeba 36 badala ya 60. Wale 24 waliobaki hawataondoka kwa rangi, ni lazima wapangiwe mahali. Tuseme asubuhi hiyo 9 wana kikohozi: hao wako nje tayari. Wengine 10 ni wasindikizaji wa wagonjwa wanaojiweza, waombwe kusubiri kwenye kivuli kingine, mbali na wenye kikohozi. Waliobaki 5 watapatikana kwa kuwapangia wagonjwa wa shinikizo la damu na kisukari wanaofuata dawa za mwezi waje baada ya saa 6 mchana, ukumbi unapokuwa umepungua. Wagonjwa hao tarehe zao zinajulikana mapema, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwaita wote asubuhi.

Msitegemee umbali huo kupita uwezo wake. Mita 1 inapunguza yale matone mazito yanayoruka mtu anapopiga chafya au kukohoa, lakini kwa ugonjwa unaoelea hewani faida yake ni ndogo ikiwa madirisha yamefungwa. Kwa walio nyanda za baridi kama Njombe na Makete, ninaelewa kwa nini madirisha hufungwa mwezi wa 6 na wa 7, ila ni afadhali watu wakae na makoti huku dirisha na mlango vinavyotazamana vikiwa wazi. Feni peke yake kwenye chumba kilichofungwa huizungusha tu hewa ile ile.

Nina mtoto wa miezi 5 na ninampeleka kliniki ya uzito na chanjo. Wiki iliyopita mama mmoja aliingia na mtoto mwenye homa na vipele mwili mzima, akakaa benchi la mbele yetu. Nikiona hivyo tena nifanye nini?

Inuka umwambie muuguzi mara moja, kisha toka nje na mwanao, na usirudi ukumbini humo hata kama mtoto yule ameshaondolewa. Homa na vipele inawezekana ikawa surua, na kirusi chake hubaki hewani mpaka saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Mwanao hajafikisha miezi 9 inayotakiwa kwa chanjo ya kwanza ya surua, hivyo kinga yake ni ndogo.

Kwa kuwa mmeshakaa chumba kimoja, rudi kituoni ueleze siku na saa, ili waangalie kumbukumbu kama mtoto yule alithibitika kuwa na surua na wakuelekeze. Mwangalie mwanao kwa wiki 3 tangu siku ile. Akipata homa, mafua na macho mekundu, mpeleke, ila ukifika usiingie ukumbini: baki nje ya geti na utume mtu akamwite muuguzi.