Sigara za mojamoja karibu na shule, Mwanjelwa

"Mdogo wangu yuko kidato cha pili, hela ya pakiti hana. Sigara anazipataje?"

Salama mkuu. Anzia duka lililo njiani kwake, uangalie kama kuna pakiti iliyofunguliwa kaunta. Tuseme pakiti ya sigara 20 ni shilingi 4,000. Mangi akiuza mojamoja kwa 250 anapata 5,000, kwa hiyo nzima haisukumi. Dogo analipa kwa chenji ya daladala, na onyo lililoandikwa kwenye pakiti halioni kabisa.

Muulize pia kama anavuta zile za kubonyeza kidonge. Mentholi iliyomo kwenye kidonge hicho inapoza koo, anayeanza hakohoi sana, anarudia. Hilo linaniuma kuliko bei.

Sheria ya tumbaku ya 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Mwambie mangi kwanza. Asiposikia, nenda kwa mtendaji wa mtaa.