"Huyu mtoto ananituma?"

Swali la wiki: "Ukimwandikia bosi aliyekuzidi umri, unatumia lugha ya heshima au unaandika kawaida tu?"

Mimi ni katibu muhtasi katika halmashauri moja hapa mkoani Dodoma. Meseji za vijana kwa wazee nazijua kwa sababu wakubwa hunigeuzia simu na kuuliza, "Huyu anataka nini?" Heshima imejaa tele humo. Ombi ndilo halionekani.

Barua rasmi sina ugomvi nayo. Ina Kumb. Na., ina K.K. mkuu wako wa idara, ina "Yah:", unahusika na kichwa cha habari hapo juu, unamaliza na "wako mtiifu". Hakuna anayeandika shikamoo humo, na sijaona mzee aliyenuna. Balaa liko wasapu.

Tulikuwa na kijana mmoja afisa ugani, mtu wa adabu kweli. Ilikuwa Desemba, mvua za kwanza zimeshaanguka, na wakulima wa alizeti huko Chemba wanamsubiri na mbegu. Dokezo lake la kuomba masurufu ya safari lilikuwa mezani kwa mkuu wa idara, halijasainiwa, na bila ile saini haliendi kwa mkurugenzi wala kwa mhasibu. Ijumaa asubuhi akamwandikia mzee: "Shikamoo mzee." Akanyamaza kusubiri marahaba. Marahaba ikaja saa tano. Ndipo akaendelea: "Pole na majukumu mzee wangu. Samahani kwa usumbufu, nilikuwa naomba kama itakupendeza, ukipata nafasi, ulipitie lile dokezo letu. Nawasilisha." Mzee akajibu, "Sawa kijana," na jioni akapanda treni ya mwendokasi kwenda Dar.

Mzee hakuwa na kosa. "Lile dokezo" ni lipi, wakati mezani yapo kama kuni za mnadani? "Ukipata nafasi" aliisoma kama ilivyoandikwa: nafasi hakupata. Na ile "nilikuwa naomba" inalirudisha ombi nyuma, kana kwamba haja imeshapita.

Mzee alirudi, saini ikapatikana, mbegu zikafika zimechelewa. Safari iliyofuata kijana alikuwa na hasira zake, akaandika: "Mzee, dokezo la Chemba lisainiwe leo, gari linaondoka kesho alfajiri." Ni Kiswahili safi, kila kitu kimo. Mzee akatoka ofisini na simu mkononi, akaniuliza mimi, "Huyu mtoto ananituma?" Dokezo lilikaa mpaka saa nane. Hakukataa, alilikalia tu.

Nikamwita kijana, tukaandika upya, yote katika meseji moja bila kusubiri marahaba: "Shikamoo mzee. Dokezo la masurufu ya safari ya Chemba liko juu kabisa ya trei yako. Naomba saini yako kabla ya saa tisa, kwani mhasibu anafunga malipo ya leo saa tisa na nusu. Asante mzee." Saini ilitoka muda uleule.

Angalieni saa ilivyokaa. Katika ile ya hasira, saa ilikuwa ya kijana: gari lake, alfajiri yake. Katika hii ni ya mhasibu, na mzee haoni aibu kuharakishwa na mhasibu. Pia tuliandika "naomba", hatukuandika "tafadhali". Kwenye kamusi "tafadhali" ni neno la adabu, lakini ofisini kwetu hushuka kutoka juu: "tafadhali shughulikia". Ikipanda kutoka chini inasikika kama amri iliyovalishwa koti. Na wingi wa heshima, ule wa "mnisaidie mzee" wakati yuko peke yake, wengi wetu tumetoka nao kwenye lugha za nyumbani. Kwa mdomo ni mtamu, ila kwenye maandishi mzee anajiuliza na nani mwingine.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema heshima ibaki kwenye salamu tu, katikati pawe pakavu. Sasa naona "pole na majukumu" ningewaachia. Mzee wetu alikuwa akiisoma, na siku ikikosekana alikuwa akiniuliza kijana ana nini. Ila isizidi hiyo moja. Na kama ni habari mbaya, gari limepata ajali au fedha hazijatimia, msiandike kabisa, pigeni simu.

Kwa bosi mwanamke sina jibu moja. Kuna anayependa "mama", kuna anayesema mama yuko nyumbani, mwite bosi. Muulizeni katibu wake kwanza.

Bosi wangu wa sasa nimemzidi umri. Kila asubuhi ananianza yeye: "Shikamoo mama. Tafadhali chapa hii haraka." Namjibu marahaba, nachapa, na hiyo tafadhali yake wala hainikeri.