Maswali na majibu: Densiti ya N₂O₄ inapopimwa Arusha

Shikamoo mwalimu. Kwenye maabara tulipata densiti ya N₂O₄ ni 2.15 g/dm³ kwa 45 °C, barometa ikisoma 646 mmHg. Mwenzangu kapata kiwango cha mtengano 0.39, mimi 0.64. Tumetumia kanuni moja. Nani kakosea? (Mwanafunzi, Arusha)

Marahaba. Mwenzako yuko sawa. Wewe, nadhani, umeandika presha kuwa 1 atm kwa mazoea ya mitihani, wakati barometa ilikuwa mbele yako.

Tuifuate hesabu taratibu. Dinitrojeni tetroksidi ikipashwa joto, sehemu yake hugawanyika na kuwa nitrojeni dioksidi:

N₂O₄ ⇌ 2NO₂

Ukianza na moli 1 na sehemu α ikagawanyika, zinabaki moli 1 − α za N₂O₄ na zinatokea moli 2α za NO₂. Jumla ni 1 + α. Tungamo halijabadilika, bado ni gramu 92, ila sasa limegawanywa kwa chembe nyingi zaidi. Kwa hiyo tungamo la moli la mchanganyiko, M, ni 92/(1 + α), na ukigeuza unapata

α = 92/M − 1

M yenyewe unaipata kwenye densiti: M = dRT/P. Halijoto ni 45 + 273 = 318 K, na RT ni 0.0821 × 318, yaani 26.1. Presha ni 646/760 = 0.85 atm. Basi M = 2.15 × 26.1/0.85 = 66, na α = 92/66 − 1 = 0.39.

Sasa weka 1 mahali pa 0.85. M inashuka hadi 56 na α inaruka hadi 0.64. Presha imekosewa kwa karibu asilimia kumi na nane, na jibu limeharibika kwa zaidi ya nusu yake. Kinacholifanya kosa hili liwe la hatari ni kwamba 0.64 inaonekana jibu la kawaida kabisa. Iko kati ya 0 na 1, haimshtui mtu.

Njia ya kulinasa ni kuhesabu Kp, namba ya msawazo inayotegemea halijoto:

Kp = 4α²P/(1 − α²)

Kwa 0.39 na presha 0.85 utapata takriban 0.6, namba inayokaribiana na majedwali kwa 45 °C. Kwa 0.64 na presha 1 utapata 2.8, zaidi ya mara nne ya inavyotakiwa. Hapo ndipo kosa linapojitokeza.

Mwalimu, nimefungua programu ya hali ya hewa kwenye simu, Arusha inaonyesha 1016 hPa. Hiyo ni 1 atm kamili. Sasa hiyo 0.85 inatoka wapi? (Msomaji, Njiro)

Simu haidanganyi, lakini haikuambii presha ya hapo ulipo. Watabiri wa hali ya hewa husahihisha presha ya kila kituo iwe kama vile kituo kiko usawa wa bahari. Wasipofanya hivyo, ramani yao itaonyesha milima tu, si mifumo ya hewa. Kwa anayetaka kujua kama mvua inakuja, namba hiyo inafaa. Kwa anayepima gesi, haifai kabisa.

Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya bahari, na hewa ya hapo hukandamiza kwa karibu 0.85 atm. Moshi iko chini zaidi, kwa hiyo ni karibu 0.91. Chupa yako ya gesi inaijua presha ya mezani pako tu. Soma barometa ya maabara, na kama ina kitufe au skrubu ya kurekebisha kwa ajili ya mwinuko, hakikisha haijarekebishwa. Simu nyingine zina kihisi cha presha ndani yake, na programu inayoonyesha usomaji ghafi wa kihisi hicho unaweza kuitumia. Ikikuonyesha karibu 860 hPa ukiwa Arusha, hiyo ndiyo yenyewe.

Mimi nafundisha Moshi. Mwanafunzi wangu ameleta α = 0.38 kwa 45 °C, lakini kwenye kitabu kuna mfano wenye 0.37 kwa halijoto hiyohiyo. Nimkate alama? (Mwalimu, Moshi)

Hapana, mwalimu mwenzangu, usimkate. Mfano wa kitabu bila shaka ni wa 1 atm, na α si namba ya halijoto peke yake. Upande wa NO₂ una molekuli nyingi zaidi, kwa hiyo presha ikipungua, mtengano unaongezeka. Ukichukua Kp ya 0.62, utapata 0.37 pwani, 0.38 Moshi na 0.39 Arusha. Gesi ni ileile na halijoto ni ileile.

Kwa hiyo wanafunzi wa miji miwili wakitaka kulinganisha matokeo yao, wasilinganishe α. Walinganishe Kp.

Na hata hapo usidai tarakimu tatu. Verhoek na Daniels, waliopima mtengano huu kwa 25, 35 na 45 °C na kuchapisha mwaka 1931, waliona kwamba hata Kp inateleza kidogo chini kadiri gesi inavyobanwa. Sababu ni kwamba N₂O₄ haifuati kanuni ya gesi kikamilifu. Kwa 45 °C walifikia 0.67, lakini hiyo ni kwa gesi iliyotandazwa mno, karibu na presha sifuri. Ukipima kwenye presha ya kawaida ukapata 0.6 na kitu, umepima vizuri.

Sisi tumepima wenyewe. Chupa ya 250 cm³ tuliipima uzito ikiwa tupu, tukaijaza gesi kwenye maji ya 45 °C, tukaifunga, ikapoa, tukaipima tena. Imeongezeka 0.285 g tu. M inatoka 35! Je, gesi yetu si N₂O₄? (Kikundi cha wanafunzi, Arusha)

Kwanza nawasifu kwa kushtuka. M ya mchanganyiko huu haiwezi kutoka nje ya 46 na 92. Kama hakuna kilichogawanyika ni 92, kama vyote vimegawanyika ni 46. Thelathini na tano haipo.

Lakini gesi yenu msiitupie lawama bado. Mnasema chupa ilikuwa tupu. Ilikuwa imenyonywa hewa kwa pampu, au ilikuwa tupu kwa macho tu? Kama hamkuinyonya, mlipima chupa pamoja na hewa iliyomo. Hewa ya Arusha, kwa 24 °C hivi, ina takriban gramu 1.01 kwa lita, kwa hiyo chupa yenu ilibeba hewa ya karibu 0.25 g. Gesi ilipoingia, hewa hiyo ilitoka. Ongezeko mlilosoma ni tungamo la gesi ukiondoa tungamo la hewa.

Irudisheni: 0.285 + 0.2525 = 0.5375 g. Gawanyeni kwa 0.25 dm³ mpate 2.15 g/dm³. Hiyo ni densiti ileile ya swali la kwanza, na α yenu ni 0.39. Gesi yenu ni safi.

Kama kurudisha hewa kusingelitatua, ningeuliza mlivyoitengeneza. Nitrati ya risasi ikichomwa hutoa NO₂ pamoja na oksijeni. Msipoigandisha gesi kwenye barafu na chumvi ili oksijeni iondoke kwanza, oksijeni hiyo yenye M ya 32 itaingia chupani na kuvuta wastani chini. M ikitoka juu ya 92, tafuteni kinyume chake: mara nyingi kuna tone la kimiminika ambalo halijawa mvuke kabla chupa kufungwa.

Jambo jingine kuhusu kipimo chenu, maana naona wengi wanachanganya. Halijoto na presha za kuingiza kwenye kanuni ni za dakika ile chupa ilipofungwa, yaani 45 °C na presha ya barometa wakati huo. Chupa ikipoa mezani, NO₂ nyingi huungana tena na rangi ya kahawia hufifia, lakini tungamo lililofungiwa ndani halibadiliki. Msiweke halijoto ya chumba.

Na haya yote yafanyike ndani ya kabati la kuvuta moshi. NO₂ ni sumu ya mapafu, na mtu anaweza kuivuta, akajisikia nafuu, kisha akazidiwa saa kadhaa baadaye.

Asubuhi za Julai N₂O₄ yetu inakaa kama maji kwenye chupa. Tunaambiwa inachemka kwa 21 °C. Je, tukisubiri mchana ifike 21 ndipo tupime? (Fundi maabara, Arusha)

Hiyo 21 ni ya usawa wa bahari. Kwa 0.85 atm inachemka karibu na 18 °C. Ila msisubiri mchana. Ukipima karibu na kiwango cha mchemko, kiasi kidogo cha kimiminika kinaweza kubaki shingoni mwa chupa bila kuonekana. Tumieni maji ya moto ya 40 hadi 50 °C, na mwache chupa humo hadi mvuke uache kutoka mdomoni.

Mizani yetu inaishia 0.01 g. Inatosha kwa kazi hii? (Fundi maabara huyohuyo)

Inatosha kuonyesha kwamba mtengano upo, si zaidi. Kosa la asilimia 1 kwenye tungamo linasogeza α kwa 0.01 × (1 + α). Kwenye chupa ya 250 cm³ yenye gesi 0.54 g, 0.01 g ni karibu asilimia 1.9, kwa hiyo jibu ni 0.39 na kosa la 0.03 juu au chini. Na mnapima mara mbili, kwa hiyo linaweza kuwa kubwa zaidi. Kwa 25 °C hali ni mbaya zaidi kwa uwiano, kwa sababu α yenyewe ni 0.2 tu.

Chupa ya lita 1 ingepunguza kosa hilo hadi robo, lakini itawadai gesi ya sumu mara nne. Mimi ningeazima mizani ya 0.001 g kwa siku moja.