Mkanda wa Taimingi Umekatika? Hedi Isifunguliwe Kabla ya Vipimo Hivi

Juzi msomaji mmoja wa Korogwe ameniandikia: mkanda wa taimingi umemkatikia njiani, gari limevutwa hadi gereji, na fundi keshamwambia valvu zote zimepinda, atafute hela ya kufungua hedi, kile kichwa cha injini kinachobeba valvu. Ameniuliza kama ni kweli. Nimesoma ujumbe ule damu ikanichemka, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi, na kwa sauti ya kunifanya nionekane mwanamke niliyepotea njia ya sokoni nikatokea gereji.

Gari langu ni Noah, lina injini ya 3S-FE, nalitumia kupeleka watoto shule na kubeba mizigo yangu ya biashara. Nilikuwa natoka Muheza narudi Tanga mjini, nimeshaipita Pongwe, mwendo wa kawaida tu. Injini ikazima. Haikugonga, haikukwaruza, haikutetemeka, ilinyamaza tu. Taa ya oili na ya betri zikawaka kwa pamoja na usukani ukawa mzito. Nikaacha gari litembee kwa kasi iliyobaki mpaka pembeni.

Nilipiga stata kidogo sana. Wewe unayeendesha gari lako kila siku unaijua sauti ya stata yake: inakwenda kwa mapigo, inapanda na kushuka, kwa sababu pistoni zinabana hewa. Siku ile ilizunguka kwa wepesi, sauti moja iliyonyooka. Nikafungua kifuniko cha kujazia oili, nikamwomba kijana wa bodaboda aguse ufunguo mara moja huku mimi nachungulia. Kamshafti, ule mhimili unaozungushwa na mkanda na kufungua valvu, haikusogea. Basi, mkanda umekatika. Hapo ufunguo ukatoka na haukurudi. Kuna injini ambazo kila ukipiga stata baada ya mkanda kukatika, pistoni inapanda na kuigonga valvu iliyobaki wazi. Iliyokuwa imeinama kidogo inapinda kabisa. Wanaokuja na ushauri wa kusukuma gari ili liwake, washukuru na uwaombe wakae kando.

Gereji ya kwanza nilikovutwa, fundi alitoa plagi, akafunga geji ya kompresheni, akapiga stata. Silinda ya pili ikaonyesha sifuri, ya tatu sifuri, zilizobaki mshale ukanyanyuka kidogo ukaishia hapo. Akanigeukia: "Mama, valvu zimelala hizo. Hedi lazima ishuke." Nikamuuliza, umepimaje kompresheni na kamshafti haizunguki? Akacheka, akamwambia msaidizi wake aanze kulegeza bolti. Nikasema bolti isiguswe, gari ni langu.

Kipimo kile kilikuwa hakina maana yoyote, na hapa ndipo watu wengi wanapoliwa hela. Mkanda ukikatika, kamshafti inasimama pale ilipofika, na kwenye injini ya silinda nne lazima kuna silinda ambazo valvu zake zimebaki zimebonyezwa, ziko wazi. Hewa inaingia na kutoka bila kubanwa, kwa hiyo geji inasoma sifuri hata kama valvu ni nzima kama siku zilipotoka kiwandani. Na silinda ambayo valvu zake zote zimefungwa haivuti hewa mpya, kwa hiyo nayo inatoa namba ya uongo. Kompresheni kwa stata hupimwa mkanda ukiwa umefungwa na alama zimekaa. Fundi anayekuhukumu kwa geji kabla ya hapo, muondolee gari lako.

Swali la kwanza kabisa ni injini gani unayo. Zipo injini ambazo pistoni ikifika juu kabisa na valvu ikiwa wazi kabisa, bado kuna nafasi kati yake, hazigusani. 3S-FE ni mojawapo, na 5A-FE pia. Mkanda ukikatika kwa kawaida unabadilisha mkanda na safari inaendelea. Zipo nyingine ambazo nafasi hiyo haipo. 3S-FSE, ile wanayoiita D4, jina linafanana na la kwangu lakini hiyo inapinda valvu. Dizeli kama 5L ya Hiace na 1KZ-TE ndiyo usiseme, kwa sababu pistoni ya dizeli inapanda karibu sana na hedi. Msomaji wangu wa Korogwe ana D4. Kwa hiyo fundi wake huenda yuko sahihi, lakini "huenda" haitoshi kumfungulia mtu hedi. Soma herufi zote za injini kwenye kibati cha gari, usiridhike na kuambiwa "hiyo ni 3S".

Mimi nililivuta gari hadi kwa mzee mmoja fundi wa Ngamiani. Nikamwamkia, nikamweleza, akasikiliza mpaka mwisho kabla ya kushika spana. Hilo tu lilinitosha kujua nimefika.

Kwanza aliweka krankishafti, mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, mahali salama. Aliizungusha kwa mkono kwa spana kwenye bolti ya puli hadi alama ya sifuri, halafu akairudisha nyuma robo mzunguko. Hapo pistoni zote nne ziko katikati ya silinda, hakuna iliyo juu, na unaweza kuizungusha kamshafti utakavyo bila valvu kugusa kitu. Kwa 3S-FE haikuwa lazima sana, lakini alisema mkono wake umezoea kufanya hivyo kwa kila injini. Kwa mwenye D4 hatua hii haina mjadala.

Kisha akafungua tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya kamshafti, na kuchukua fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji umeme wala mashine. Unazungusha kamshafti mpaka pua ya kemu iangalie juu, mbali na valvu, halafu unapima mwanya ulio chini yake. Kwa 3S-FE mwanya wa valvu za kuingiza hewa unatakiwa uwe kati ya milimita 0.19 na 0.29, na za kutolea moshi kati ya 0.28 na 0.38. Valvu iliyopinda haiwezi kurudi kukaa kwenye kiti chake, inabaki imening'inia chini, kwa hiyo mwanya wake unakuwa mkubwa kupita kiasi. Unaweza kukuta valvu kumi na tano ziko sawa na moja geji nene inaingia na kucheza. Hiyo ndiyo iliyopinda. Zangu kumi na sita zote zilikuwa ndani ya kipimo, isipokuwa moja ya moshi iliyokaza kidogo, na mwanya kupungua ni habari ya uchakavu, siyo ya kupinda.

Lakini valvu inaweza kuinama kidogo sana na mwanya usionyeshe. Ndiyo maana mzee akaleta mpira wa kompresa. Silinda moja baada ya nyingine, alizungusha kamshafti mpaka valvu za silinda ile zikafungwa zote, akapitisha hewa kwenye tundu la plagi kwa presha ndogo, na mimi nikaambiwa nisikilize. Hewa ikivuma kwenye koo la kuingizia hewa, valvu ya kuingiza haijafunga. Ikivuma kwenye ekzosti, ni ya moshi. Ikisikika kwenye tundu la oili, hiyo ni ringi za pistoni, na kidogo huwa haikosi kwenye injini iliyotumika. Wakati hewa inaingia, lazima mtu ashikilie spana ya krankishafti kwa nguvu. Hewa inasukuma pistoni chini, pistoni nyingine zinapanda, na kwenye injini ya kupinda valvu unaweza kuzipinda wewe mwenyewe hapohapo gereji. Kwangu ekzosti ilikuwa kimya silinda zote nne. Nilitamani yule wa kwanza awepo asikilize.

Ingekuwa kuna silinda moja inavuma wazi kwenye ekzosti, hapo hedi inafunguliwa bila ubishi, na hakuna haja ya kununua mkanda kwanza. Kufungua hedi siyo kosa. Kosa ni kufungua bila ushahidi.

Na ushahidi wa pili ni huu: nini kilichoukata mkanda? Watu wakisikia valvu ni nzima wanafurahi, wananunua mkanda, wanaufunga, na baada ya muda mfupi wamerudi palepale pa mwanzo. Kwenye 3S-FE mkanda huo huo unazungusha wota pampu na pampu ya oili, kwa hiyo kimoja kikikaza, mkanda ndio unaoumia. Mzee aliutandaza wangu mezani. Nyuzi za pembeni hazikuwa zimechanika ovyo na haukuwa umelowa oili. Lakini kabla ya pale ulipokatikia, meno yalikuwa yamenyolewa kwa mfululizo, sehemu inayotosha kiganja, na mpira umeng'aa kwa joto. Mkanda uliochoka kwa umri huonyesha nyufa mwili mzima. Wa kwangu ulionyesha kitu kimeugomea.

Akashika puli moja moja kwa vidole. Beringi za tensheni zote mbili zilizunguka laini bila mlio. Pampu ya oili ilizunguka. Wota pampu ilizunguka nusu, ikakaza, ikaachia kwa mkwaruzo. Chini ya kitundu chake kidogo cha kutolea maji kulikuwa na michirizi ya kulanti iliyokauka, rangi ya waridi iliyochanganyika na kutu. Pampu ilikuwa inavuja na beringi yake inakufa taratibu, na hakuna aliyeiona kwa sababu imefichwa nyuma ya kava la mkanda. Ukishafika pale, tazama pia sili za kamshafti na krankishafti, kwa sababu oili ikidondokea mkanda inaulainisha na kuuvimbisha.

Nikanunua mkanda, wota pampu, beringi mbili na sili. Mkanda ulipofungwa na alama kukaa, mzee hakugusa stata. Aliizungusha krankishafti kwa mkono mizunguko miwili kamili, plagi zikiwa nje, polepole. Ukihisi kigingi cha chuma hapo, simama, usilazimishe, rudi nyuma ukague alama. Alama zilipokutana tena ndipo akafunga ile geji ya kompresheni, akakanyagia mafuta hadi mwisho, akapiga stata: 165, 160, 165, 160. Kwa injini hii kipimo cha chini ni psi 142, na silinda zisipishane zaidi ya 14 hivi. Kama moja ingesoma 60 na nyingine ziko sawa, ningejua valvu imetudanganya kwenye vipimo vya mwanzo, na hedi ingefunguliwa.

Msomaji wangu wa Korogwe, kwa D4 yako mwambie fundi akupimie mwanya na hewa mbele ya macho yako, silinda kwa silinda, na akuonyeshe ni ipi inavuma. Akikataa, lipia uvutaji ulihamishe gari. Mimi nililipa uvutaji mara mbili, na bado zote mbili kwa pamoja hazikufika hata bei ya gasketi ya hedi na kazi ya kusaga valvu niliyokuwa nimetajiwa.