Radhi, asante na ahadi: majibu kwa wasomaji

Mwalimu, mimi ni muuguzi hapa Toronto, kwetu Kisumu. Mwenzangu Mkanada alijigonga goti kwenye kitanda cha mgonjwa, nikamwambia "sori". Akanijibu, "Kwani umenigonga wewe?" Sasa ni mara ya pili. Kosa langu liko wapi?

Adabu yako haina kosa. Ulichofanya ni kumpa pole, yeye akasikia unaomba radhi.

Kwetu mambo haya mawili yana milango miwili. Pole anaambiwa aliyefikwa na jambo, na hakuna anayeuliza nani kalisababisha. Tunampa pole aliyejikwaa, aliyenyeshewa, aliyetoka safari, hata anayelima shamba lake mwenyewe kwa hiari yake. Samahani ni ya mtenda kosa. Kiingereza cha Kenya na Uganda kimeichukua "sori" na kuipa kazi zote mbili, kwa hiyo ulipolelewa Kisumu ulisikia watu wazima wakimwambia "sori" mtoto aliyeanguka mwenyewe, na hukuona ajabu.

Kiingereza cha Kanada nacho kinaitumia "sori" kwa mwenye majonzi. Msibani watu wanaambiana hivyo, na hakuna anayejibu "hukumuua wewe". Lakini pale msiba wenyewe unaeleza kila kitu. Ajali ndogo ya ghafla haielezi. Mtu kajigonga, wewe umesimama hatua moja kutoka alipo, na neno la kwanza kusikika ni hilo. Masikio yake yanatafuta mtenda kosa na yanakukuta wewe. Basi badilisha mpangilio tu. Anza na swali, "Umeumia?", halafu sema sori yako. Ikishatangulia dalili kwamba unamjali, itasikika kuwa ni huruma.

Kwa kuwa u muuguzi, jua jambo moja zaidi. Jimbo la Ontario lina sheria ya mwaka 2009 inayosema kwamba kuomba radhi au kuonyesha huruma hakuhesabiwi kuwa kukiri kosa katika kesi za madai. Huna sababu ya kuogopa kumwambia mgonjwa neno la huruma. Kinga hiyo, hata hivyo, haifiki kwenye mashtaka ya jinai.

Mama yangu amekuja Manchester kutoka Tanga kutusaidia na mtoto. Mume wangu ni Mwingereza, na kila mama akimpa sahani au kikombe anamshukuru. Juzi mama kaniuliza, "Mkwe wangu ananiona mgeni?" Nani kati yao abadilike?

Mwanafalsafa wa Marekani John Searle, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alichambua kushukuru kwa masharti machache: msikilizaji amefanya jambo, jambo hilo limemfaa msemaji, na msemaji analiona kuwa limemfaa. Mama yako na mumeo wote wawili wangekubaliana na masharti hayo. Wanachogombania bila kujua ni sharti jingine ambalo mama analichukulia kuwa lipo: kwamba aliyetenda hakuwa na wajibu wa kutenda. Kwa mama, kumpakulia mkwe ni haki yake na ni heshima yake. Anaposhukuriwa kila dakika, anasikia kwamba kazi ile imehamishwa kutoka kwenye wajibu wa mzazi ikawekwa kwenye hisani ya mtu baki.

Hayuko peke yake. Mwanaanthropolojia Mahadev Apte aliandika mwaka 1974 kuhusu wasemaji wa Kimarathi na Kihindi, huko India: kumshukuru kwa maneno mzazi, ndugu au mke kwa mambo ya nyumbani kunaleta umbali ambao haukuwapo.

Na mumeo asidhani kwamba desturi yake ndiyo ya binadamu wote. Mwaka 2018 Simeon Floyd na wenzake walichapisha utafiti wa lugha nane za mabara mbalimbali, zikiwemo Kiingereza, Kirusi, Kilao na Kisiwu cha Ghana. Walirekodi watu wakiwa katika maisha yao ya kawaida, wakaangalia kinachotokea mtu anapoombwa kitu kidogo na kukitoa. Kwa jumla neno la shukrani lilisikika takriban mara 1 katika 20. Waingereza walizidi, takriban mara 1 katika 7, na hiyo bado ina maana kwamba mara nyingi hata wao hupokea chumvi kimya kimya. Wasemaji wa Chapalaa wa Ekwado hawana kabisa neno maalumu la kushukuru, lakini wanasaidiana kama sisi sote: unaomba, unapewa, nawe kesho unatoa. Zingatia tu kwamba utafiti ule ulihusu mambo madogo ya "nipe kile", haukuhusu zawadi wala hisani kubwa.

Kwa hiyo simwambii mumeo anyamaze. Mwambie aiondoe shukrani kwenye kikombe aipeleke kwenye mpishi. Asifie wali, aombe kuongezwa, na jioni amwambie mama "pole na kazi". Siku mama atakapoondoka, amshukuru kwa yote, na akiongeza dua, hata kwa Kiswahili cha kuvunjika, mama ataisimulia Tanga.

Nasoma Nagoya. Nilimpa Mjapani wa maabara yetu kahawa ya Kilimanjaro, akaniomba radhi! Je, nilimkwaza?

Hapana, alikushukuru. Ulimsikia akisema "sumimasen", ambayo hutumika kuomba radhi na pia kupokea hisani. Mwanaisimu Florian Coulmas alieleza mantiki yake mwaka 1981: Mjapani anayepewa kitu hatazami faida yake tu, anatazama pia usumbufu uliompata mtoaji, na deni ambalo sasa liko juu yake. Ndiyo maana mgeni anayeaga baada ya karamu husema maneno ya kukiri kwamba ameingilia nyumba ya watu. Nasi tuna mbegu ya jambo hilo hilo. Fikiria tunavyoaga kwa "haya, tumewachosha". Jibu la sumimasen ni kukanusha, "iie, iie", yaani hapana, hakuna usumbufu wowote. Ukinyamaza, utakuwa umekubali kwamba kweli alikusumbua.

Nafanya kazi Maskati. Nimemwomba bosi wangu ruhusa niende Mombasa kwenye harusi ya dada yangu. Kila nikiuliza ananijibu "inshallah". Hii ni ahadi, au ananikatalia kwa upole?

Neno lenyewe halitakujibu swali lako, maana linabeba yote mawili. Asili yake ni katika Sura ya Al-Kahf, aya ya 23 na 24, ambapo Mtume anaambiwa asiseme kuhusu jambo lolote "hakika nitalifanya kesho" bila kuongeza kwamba Mungu akipenda. Kwa hiyo Mwislamu anayekusudia kwa dhati anapaswa kuitamka, na asiyetaka kukuvunja moyo naye anaweza kujificha nyuma yake. Ukidhani kila inshallah ni hapana, utamdhulumu mtu mkweli. Ukidhani kila moja ni ndiyo, utanunua tiketi mapema.

Tazama yaliyolizunguka. Searle alisema ahadi inataka jambo la wakati ujao, litakalotendwa na msemaji mwenyewe, ambalo msikilizaji analitaka, ambalo msemaji ananuia kulitenda, na kwa kusema kwake anajifunga nalo. Nia iko moyoni na huioni, lakini mengine yanaacha alama katika maneno. Alama ya kwanza ni mtendaji. "Nitasaini Jumapili, inshallah" ina mtu ndani yake. "Itawezekana, inshallah" haina mtu. Ruhusa inaonekana kana kwamba itajisaini. Alama ya pili ni siku na kitu mahususi. Ya tatu, na mimi naiamini kuliko zote, ni kama anakudai chochote: anauliza unarudi lini, nani atashika zamu yako, fomu iko wapi. Anayejifunga huanza kupanga, na mpango unahitaji habari kutoka kwako.

Basi mpe nafasi ya kujifunga au kukataa bila aibu. Usimuulize tena "utanipa ruhusa?", kwa sababu swali hilo lina jibu moja la adabu, nalo umeshalipata. Mwambie: "Harusi ni tarehe 14. Mwenzangu amekubali kushika zamu. Nilete fomu Jumapili asubuhi, au tuiache hadi baada ya ukaguzi?" Akisema "lete", umepata ahadi, hata akiongeza inshallah tatu. Akisema tuiache, umepata jibu lako, naye hakulazimika kutamka hapana.

Naongeza jambo kwa wanaodhani ahadi ina sura moja duniani. Mwanaanthropolojia Michelle Rosaldo aliishi na Wailongoti wa kisiwa cha Luzon, Ufilipino, na mwaka 1982 akaandika kwamba ahadi kama ile ya Searle, inayosimama juu ya unyofu wa moyo wa mtu mmoja, hakuikuta kwao. Kilichokaribia zaidi kilikuwa kiapo cha chumvi: wanaoapa hutamka kwamba maneno yao yakiwa ya uongo, maisha yao na yayeyuke kama chumvi. Hapo hakuna anayepima nia ya mwenzake. Kinachomfunga mtu ni kiapo chenyewe. Bosi wako anamtaja Mungu, wao wanaitaja chumvi, na Searle anautaja moyo. Kila mmoja ameweka uzito wa ahadi mahali anapouamini.

Niko Unguja. Kila Ramadhani ikikaribia napata ujumbe wa simu, "kama nimekukosea naomba unisamehe", umetumwa kwa watu wote. Safari hii umetoka kwa mtu niliyemkopesha shilingi laki mbili. Nikijibu "amin", deni limekwisha?

Wanaisimu Elite Olshtain na Andrew Cohen, walioainisha kuomba radhi mwaka 1983, waliona njia tano ambazo mkosaji huchagua humo: kutamka ombi la radhi, kueleza sababu, kukubali kosa, kujitolea kulipa, na kuahidi kutorudia. Ujumbe wako una ya kwanza peke yake. Hata kosa lenyewe halikutajwa, na "kama" ile inaliacha likining'inia.

Sisemi ujumbe huo ni bure. Una kazi yake, nayo ni kusafisha vinyongo visivyo na jina: kauli uliyoitoa ukasahau, salamu uliyoipita. Kwa makosa ambayo mkosaji mwenyewe hayajui, hakuna namna nyingine ya kuomba isipokuwa kwa "kama". Lakini deni lina jina na lina kiasi. Mafundisho ya toba yanatenganisha haki za Mungu na haki za waja, na haki ya mja hurudishwa kwake au yeye mwenyewe huiachilia. Mayahudi nao wana kauli ya namna hiyo katika Mishna: Siku ya Kafara haimfutii mtu kosa alilomtendea mwenzake mpaka amridhishe. Na ukihudhuria mazishi hapa pwani, umesikia msemaji wa familia akiomba marehemu asamehewe, kisha akatangaza kando kwamba mwenye kumdai ajitokeze kwa warithi. Anaomba mara mbili kwa sababu mambo ni mawili.

Kusamehe deni ni tendo lako wewe, na unalitenda ukijua unachokiachilia. Hukumu yenyewe muulize sheikh wako. Lakini kwa upande wa lugha, "amin" yako imeitikia dua tu. Mjibu hivi: "Nami unisamehe, ndugu yangu. Maneno yote nimeyaachilia. Ile laki mbili tuizungumze ukipata nafasi."