Leo umepiga miguu, kesho iache: kwa wanaoanza kupiga chuma

Ukitaka kumtambua mtu aliyefanya mazoezi ya miguu juzi kwa mara ya kwanza, mtazame kivukoni Likoni asubuhi. Kupanda mteremko anapanda bila shida kubwa. Ni kule kushuka kwenda kwenye feri ndiko kunakomtesa: anatafuta pa kushika, anaweka mguu polepole, magoti yanataka kukunjika yenyewe.

Sababu ni hii. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inarefuka huku imekaza, maana ndiyo inayokuzuia usiporomoke. Kazi hiyo ndiyo inayojeruhi nyuzi za misuli kuliko zote, na ndiyo ile ile unayoifanya ukichuchumaa na chuma mabegani, pale unapokwenda chini. Kwa hiyo mteremko wa Likoni unakugusa palepale ulipoumia.

Nimefundisha wanaoanza kwa miaka kadhaa hapa Mombasa, na karibu wote huniambia maumivu hayo ni asidi iliyobaki mwilini. Hapana. Ile hali ya kuungua unayoisikia ukiwa katikati ya seti hupita upesi, na laktiki, hiyo wanayoiita asidi, iliyojaa kwenye damu huwa imeshaondoka ndani ya saa moja hivi. Maumivu ya baadaye huanza siku ya pili, na mara nyingi hufika kileleni kati ya saa 24 na 72. Yanatoka kwenye nyuzi zilizojeruhiwa na uvimbe mdogo unaokuja na ukarabati.

Sasa tuingie ndani ya huo ukarabati, maana hapo ndipo nguvu inapotengenezwa. Msuli ni fungu la nyuzi, na ndani ya kila uzi mna nyuzi nyingine nyembamba mno za protini zinazovutana. Uzito unapozikaza, uzi unapata habari kwamba kazi imezidi uwezo, na unaanza kutengeneza protini mpya. Kazi hiyo huendelea kwa siku moja hadi mbili baada ya wewe kuondoka jimu. Pembeni mwa kila uzi zimelala seli za akiba, nazo huamka, huongezeka, na nyingine hujiunga na uzi ulioumia ili kuuongezea viini. Idadi ya nyuzi haibadiliki sana, ila kila uzi unanenepa kidogo kidogo.

Kwa anayeanza kuna jambo moja zaidi. Wiki za mwanzo, sehemu kubwa ya protini hiyo mpya hutumika kuziba majeraha, wala si kunenepesha msuli. Mwili ukishazoea zoezi, mzigo ule ule haujeruhi tena kama mwanzo, na ndipo ujenzi wenyewe unapopata nafasi. Anayerudi kupiga miguu kila siku anafungua kidonda kabla hakijafunga.

Nikuonyeshe kwenye daftari. Kijana mmoja anayevuka kutoka Likoni kila siku kuja kazini kisiwani alianza na mimi Jumatatu. Tulimwekea kilo 40, achuchumae seti 3 za mara 8. Akamaliza 8, 8, 8. Alifurahi mno, na Jumanne akarudi kufanya miguu mimi nikiwa sipo. Daftari lake la siku hiyo linasoma 8, 5, 4. Jumatano hakuja. Alhamisi akajaribu tena: 6, 5, 4.

Ijumaa akanijia, uso umemshuka. "Kocha, naona mwili wangu haukuumbiwa chuma. Kila nikija nguvu zinapungua."

Nikamwambia, "Mwanangu, nguvu hazijapungua, zimefunikwa na uchovu. Acha miguu mpaka Jumatatu. Ukitaka kuja kesho, fanya kifua na mgongo, mapaja usiyaguse."

Jumatatu akapata 8, 8, 7. Alhamisi, 8, 8, 8. Tangu hapo tukashika siku hizo mbili kwa miguu, na kila alipokamilisha seti zote tulimwongezea kilo 2.5. Wiki ya sita alikuwa anachuchumaa na kilo 50 kwa 8, 8, 8. Mapaja yake hayakuwa yamenenepa sana kwa macho, na nilimweleza kwa nini: nguvu ya wiki za mwanzo hutoka zaidi kwenye neva, zinazojifunza kuamsha nyuzi nyingi kwa pamoja. Kunenepa hufuata nyuma, kwa miezi.

Basi utajuaje kama msuli umepona? Usiulize maumivu peke yake. Unaweza kuwa huna maumivu na nguvu bado hazijarudi, na unaweza kuwa na ukakasi kidogo ukafanya vizuri. Mimi hutazama seti ya kwanza. Ukiwa na uzito ule ule, na mara ya sita tayari unatetemeka ilhali juzi ulifika 8 ukiwa na akiba, simamisha miguu siku hiyo. Andika daftarini, fanya sehemu nyingine, urudi baada ya siku mbili. Ndiyo maana nasisitiza daftari, kwa kuwa kichwa hudanganya.

Siku ya kupumzika si ya kulala kutwa. Tembea jioni pale Mama Ngina, ukapunge upepo, damu izunguke miguuni. Kula ushibe. Mwenye kilo 60 anayefanya mazoezi ya chuma akipata kama gramu 90 za protini kwa siku anatosheka, na hizo hazihitaji makopo ya unga ya bei ghali: mayai, samaki, maziwa, maharagwe, mbaazi zako za asubuhi. Wanga nao usiuogope, maana ndio unaojaza tena akiba ya nishati uliyoitumia msulini. Usingizi uwe wa muda wa saa 7 au 8. Anayelala kwa saa 4 tu nitamjua kwenye seti ya kwanza.

Wengi huogopa kwamba wakikaa siku mbili watapoteza walichopata. Nguvu haipotei hivyo. Hata ukikosa wiki nzima kwa safari au homa ndogo, ukirudi utaikuta karibu pale pale ulipoiacha.

Kuna hatari moja naomba uisome mara mbili. Mtu anayeanza akijilazimisha kupita kiasi, hasa kwenye joto letu hili na hajanywa maji, nyuzi nyingi zinaweza kuharibika kwa pamoja na vilivyomo vikamwagika kwenye damu, vikaelemea figo. Dalili zake zinatofautiana na maumivu ya kawaida: msuli unavimba na kuwa mgumu, nguvu zinakuishia kabisa, na mkojo unatoka wa rangi ya kahawia kama chai ya rangi. Ukiona mkojo huo usingoje kesho na usimeze dawa za maumivu. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, uwaambie ulifanya mazoezi gani na lini.

Yule kijana sasa yuko mwezi wa nne. Miguu anaifanya mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa sababu mwili wake umeshazoea na maumivu ya siku ya pili ni madogo. Lakini Jumatano tunapunguza uzito, na wiki ambayo seti ya kwanza imeshuka mara mbili mfululizo tunaifuta hiyo Jumatano, anapita tu kunisalimia akielekea kivukoni.