Nusu ya kidonge cha amitriptilini, na maswali yanayopaswa kuitangulia

Amitriptilini ilianza kutumika mwaka 1961 kwa ajili ya kutibu sonona, na mgonjwa wa sonona anayeitumia kwa kawaida hupandishwa polepole hadi miligramu 75, au hata 150, kwa siku. Mimi niliandikiwa miligramu 12.5, yaani nusu ya kidonge cha 25, na sina sonona. Nina kisukari cha miaka mingi ambacho kimeathiri neva za miguu, hivi kwamba kila nikijinyoosha kitandani nyayo huanza kuwaka, na kufika saa nane za usiku huwa nimekwisha kuamka na kukaa ukingoni mwa kitanda nikizikanda. Daktari anayenihudumia hapa Kisumu alichagua dawa hii kwa sababu ingeweza kushika mambo mawili kwa pamoja, maumivu na usingizi.

Kwa dozi ndogo namna hii, kazi inayoonekana zaidi ni kuziba vipokezi vya histamini ubongoni. Histamini ni miongoni mwa kemikali zinazotuweka macho, na kuizuia huleta usingizi kwa njia ileile ambayo piritoni ya mafua humlaza mtu. Upande wa maumivu ni tofauti: dawa hufanya noradrenalini, kemikali nyingine inayobeba habari za neva, ikae kwa muda zaidi katikati ya seli za neva, na hivyo habari za maumivu zinazopanda kutoka miguuni hupunguzwa nguvu. Usingizi huja usiku wa kwanza au wa pili, lakini nafuu ya maumivu huchukua wiki kadhaa, na watu wengi huacha dawa kabla haijafika hapo.

Ni haki niseme pia kwamba kwa mtu asiye na maumivu wala kipandauso, ambaye tatizo lake ni kukosa usingizi tu, ushahidi wa amitriptilini ni hafifu kuliko umaarufu wake. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima matokeo ya majaribio ya tiba, kuhusu dawa za sonona na kukosa usingizi hayakupata majaribio mazuri ya kuitegemea kwa kazi hiyo. Nduguye, doksepini, ndiyo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa wanaoshtuka usiku na kushindwa kulala tena, kwa dozi ya miligramu 3 au 6 tu. Kwa ukosefu wa usingizi wa muda mrefu, matibabu yanayopendekezwa kwanza ni ya mazoea na mazungumzo: saa moja ya kuamka kila siku, kutoka kitandani usingizi ukikataa, kupunguza muda wa kulala huku na huku bila usingizi. Kidonge huja baada ya hapo.

Kabla ya kuandika chochote, daktari aliniuliza maswali ambayo wakati ule niliona hayahusiani na usingizi. Je, mkojo hutoka vizuri? Nimewahi kuambiwa nina presha ya macho? Moyo hurukaruka? Kuna kipindi nilichowahi kukaa siku nyingi bila kulala huku nikijisikia nina nguvu kupita kiasi? Nimewahi kufikiria kujidhuru? Swali la nguvu kupita kiasi lilinishangaza zaidi, naye akaeleza kwamba kwa mtu mwenye ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka, dawa ya jamii hii inaweza kumpandisha. Kwa kuwa nimepita miaka 50, alitaka pia kipimo cha umeme wa moyo, maana dawa hii huweza kuvuruga mpigo kwa mtu ambaye moyo wake tayari una hitilafu.

Umuhimu wa swali la mkojo niliuona kwa jirani yetu, mzee mwenye tezi dume iliyovimba, ambaye alipata vidonge hivi dukani bila kuulizwa lolote. Alilala vizuri, ila baadaye mkojo ulikataa kutoka kabisa, tumbo la chini likajaa na kuuma, akafikishwa hospitalini kuwekewa mpira. Dawa hulegeza misuli ya kibofu inayosukuma mkojo, na kwa mwanamume ambaye njia yake tayari ni nyembamba, kulegea huko kunatosha kuifunga. Anayeanza kujikamua kwa shida baada ya kuanza dawa hii asisubiri hadi afungwe. Amrudie daktari siku hiyohiyo.

Kwangu mimi madhara yalikuwa madogo lakini hayakosekani. Mdomo ulikauka hadi ugali ukanishinda bila maji pembeni, choo kikawa kigumu, na asubuhi kichwa kilikuwa kizito hadi karibu saa nne. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Saa nyingi baada ya kuimeza bado sehemu kubwa ingali kwenye damu. Daktari hakuongeza wala kupunguza dozi, alihamisha tu wakati wa kumeza kutoka saa nne za usiku hadi saa mbili, na uzito ule ukapungua. Alinikataza kuinuka ghafla usiku nikienda msalani, kwa kuwa presha hushuka mtu anaposimama, na akanikataza pombe. Uzito wa mwili tunaupima kila ninaporudi, maana dawa hii huongeza hamu ya chakula, jambo lisilomfaa mtu wa kisukari.

Sisi wa kandokando ya ziwa tuna swali moja la ziada, nalo ni malaria. Dawa ya kawaida ya malaria hapa nchini, ile ya AL inayomezwa kwa siku 3, ina lumefantrini, ambayo huzuia kimeng'enya kinachovunjavunja amitriptilini kwenye ini. Amitriptilini hulundikana, na zote mbili zinaweza kurefusha muda wa umeme wa moyo. Nilipopata homa wakati wa mvua na kipimo kikaonyesha vimelea, nilimwambia afisa wa kliniki kile ninachomeza kila usiku. Alimpigia daktari simu, wakanipima moyo, nikapewa AL siku hiyohiyo, na nusu yangu ya kidonge ikasimamishwa hadi daktari aliporuhusu niirudie. Malaria haicheleweshwi kwa ajili ya dawa ya usingizi, lakini anayekutibu hana budi kujua. Vivyo hivyo kwa tramadoli, ambayo wengi hupewa kwa maumivu ya mgongo: ikichanganywa na dawa hii huongeza hatari ya kifafa na ya serotonini, kemikali nyingine ya ubongoni, kuzidi, ambapo mtu hutetemeka, hutoka jasho na kuchanganyikiwa. Na anayetumia dawa za virusi vya Ukimwi zenye dolutegraviri amuulize daktari kwanza kama dawa hiyo ndiyo inayomnyima usingizi. Mara nyingine kuimeza asubuhi badala ya usiku hutosha.

Dawa hii haina uraibu wa aina ya valiamu, lakini aliyeitumia kwa miezi asiikatize kwa siku moja, kwani usingizi huweza kuvurugika zaidi, pamoja na kichefuchefu na wasiwasi. Hupunguzwa kidogokidogo kwa ratiba ya daktari. Vidonge vyenyewe vifungiwe kabatini: dozi kubwa husimamisha moyo, na vichache tu vinaweza kumuua mtoto. Kwa sababu hiyo daktari wangu huandika vya mwezi mmoja tu kila ninaporudi, na mjukuu wangu akija kukaa nasi, funguo hukaa kwangu.